Picha ya Rasta Hupigwa Mlangoni, Ruhusa Huombwa Asubuhi

Rasta nyembamba za kufika kiunoni, zile zisizo na kifundo mwanzoni, zinaweza kumla msusi mmoja saa tano, sita, hata saba. Mteja akikaa kitini saa sita mchana, anainuka jua limeshazama. Hapo ndipo msusi anaposhika simu. Taa ya tyubu iko juu ya utosi, mteja shingo inamuuma na macho yako kwa bodaboda aliyemwita, na nyuma yake kuna ndoo ya maji ya moto na mwenzake anayemalizia sahani ya chipsi. Picha inatoka na ukijani kwa mbali, nywele zimekuwa bonge moja jeusi, na mistari aliyoigawa kwa subira tangu mchana haionekani hata mmoja. Jioni ile ile anaiweka Instagram, kisha anashangaa kwa nini watu wanauliza bei na kupotea.

Mara nyingi simu yenyewe haina kosa. Picha ya saluni huharibika mapema zaidi, pale miadi inapopangwa bila kufikiria mwanga, na pale ruhusa inapoombwa wakati mteja ameshachoka na anataka kwenda kwake. Mambo haya mawili nayaona kama kazi moja, na yote mawili ni ya asubuhi.

Tuanze na jua. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasoro dakika kumi jioni, kutegemea mwezi, na Nairobi haiko mbali na hapo. Huku kwetu karibu na Ikweta machweo hayachelewi: dakika ishirini na kitu baada ya jua kuzama, giza limeingia. Kwa hiyo msusi anayetaka picha nzuri ya rasta za kiunoni hana jioni ndefu ya kuchezea. Inambidi achague, katika wateja wa wiki nzima, wawili au watatu ambao nywele zao anataka zionekane, awape miadi ya saa mbili asubuhi, ili wamalize saa nane au saa tisa mchana mwanga ukiwa bado mwingi. Wengine waje saa yoyote, wasukwe vizuri vile vile, wasipigwe picha. Afadhali picha tatu kwa mwezi zinazoonyesha kazi kuliko thelathini za chini ya tyubu.

Sasa chukua saluni ya kawaida ya mtaani: chumba cha hatua nne kwa tano, vioo ukuta mmoja, tyubu mbili darini, dirisha dogo lenye pazia, na mlango unaotazama barabara. Studio ya saluni hiyo ni mlango. Jua la saa nane liko juu, linachoma uani, lakini chini ya kibaraza kuna kivuli, na mwanga unaoingia mlangoni unatoka angani na kwenye saruji ya nje. Ni mwanga mpana, laini, usioacha kivuli kikali chini ya macho na pua. Msimamishe mteja ndani, nusu mita hivi kutoka kizingitini, atazame nje. Zima tyubu. Hili la kuzima wengi hulisahau: mwanga wa mchana una ubluu na wa taa nyingi za ndani una umanjano au ukijani, na simu haiwezi kusahihisha yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo shavu moja linatoka la rangi hii na jingine la rangi ile. Kama kibaraza kimefunikwa turubai la bluu, au ukuta wa jirani ni wa kijani, angalia ngozi ya mteja kabla hujapiga, maana rangi hiyo inadondokea usoni. Sogea mpaka uone ngozi imerudi kuwa ngozi.

Picha ya uso kutoka mbele utaipiga hivyo, yeye akitazama mlango. Lakini mistari ya kugawia nywele haipendi mwanga wa mbele. Mwanga unaotoka nyuma ya mpigaji unajaza kila ufa, na kichwa kinaonekana kama kimepakwa rangi. Mgeuze mteja ubavu, mlango uwe mkono wake wa kulia au wa kushoto, mwanga upite juu ya kichwa kwa upande. Mara moja kila msuko unapata upande wenye nuru na upande wenye kivuli, na mistari inajitokeza. Upande wa pili ukiwa mweusi mno, mpe mtu ashike karatasi ya manila nyeupe, ile ya dukani ya watoto wa shule, karibu na bega la mteja lakini nje ya picha. Inarudisha mwanga wa kutosha, na hiyo ndiyo taa yako ya ziada. Flashi ya simu iache. Inapiga kutoka mbele, inabapisha misuko yote, na jeli iliyobaki kwenye ngozi ya kichwa inang'aa kama jasho.

Kabla ya kupiga, futa lenzi. Mikono ya msusi ina mafuta na jeli siku nzima, na simu hiyo hiyo ndiyo inayopokelea M-Pesa. Lenzi yenye mafuta inatoa picha yenye ukungu mweupe kuzunguka kila kitu cheupe, na watu huenda wakanunua simu mpya kwa tatizo la kitambaa cha pamba.

Kamera ya simu haijui kwamba inatazama nywele. Inapima tu jumla ya mwanga ulioingia, kisha inajaribu kuipeleka picha yote kwenye kiwango cha katikati, kijivu fulani kisicho cheusi wala cheupe. Mtu mwenye ngozi nyeusi na rasta nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, weupe wa ukuta ndio unaotawala hesabu. Simu inaona mwanga ni mwingi, inaupunguza, na anayelipa ni uso na nywele: uso unazama, nywele zinakuwa kiza. Ukimweka mbele ya pazia jeusi mambo yanageuka. Simu inaona giza, inaongeza mwanga, na uso unapauka mpaka vipodozi vinapotea.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni ukuta wenyewe. Chagua rangi ya kati isiyong'aa: kijivu, udongo, kahawia hafifu, hata shuka isiyo na maua iliyonyooshwa kwa pasi. Kanga ni nzuri mabegani kwa mtu, ila nyuma ya misuko mia mbili inapigana nayo. Ya pili ni kidole. Gusa kwenye kioo cha simu pale ambapo nywele zinakutana na paji la uso, ushikilie sekunde mbili mpaka simu ikubali kufunga kipimo hapo. Kwenye iPhone yanatokea maneno AE/AF LOCK, na simu nyingine nyingi huonyesha alama ya kufuli au ya jua. Kisha telezesha kidole juu au chini kidogo mpaka uone mambo mawili pamoja: msuko mmoja mmoja ndani ya weusi, na ngozi yenye rangi yake. Ukiona misuko lakini ngozi imepauka, umezidisha. Ukiona ngozi nzuri lakini nywele ni bonge, sogeza manila karibu badala ya kuhangaika na kidole.

Shida hii ina historia, na si ya bahati mbaya tu. Kwa miaka mingi maabara za Marekani zilizosafisha filamu zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizokuja kujulikana kama kadi za Shirley. Rangi zilipomkaa yeye vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa. Google walipotoa simu yao ya Pixel 6 mwaka 2021 walitangaza kwamba kamera yake imerekebishwa makusudi ili ngozi nyeusi zitoke zilivyo. Hatua nzuri, lakini simu nyingi zilizoko mikononi mwa wasusi wetu si hiyo. Kidole na manila vinabaki.

Baada ya mwanga, umbali. Simu ikiwa sentimeta arobaini kutoka usoni, pua inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma, na nywele, ambazo ndizo bidhaa, zinasinyaa pembeni. Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili, kisha tumia 2x. Kamera ya mbele, ya selfi, isitumike kabisa kwa kazi hii. Kwa kawaida ni dhaifu kuliko ya nyuma, na katika simu nyingi huja imewashwa ulainishaji wa ngozi bila wewe kuomba.

Na upige nini? Jiweke mahali pa mtu anayetafuta msusi usiku, amelala, anasukuma picha kwa dole gumba. Hatafuti uzuri wa huyo aliyesukwa. Anajiuliza: mistari imenyooka? Nywele za ukingoni zimevutwa mpaka ngozi imetoka vipele, au zimeachwa zipumue? Zinafika wapi kwa mtu wa kimo changu? Nyuma kukoje? Kwa hiyo picha nne zinatosha: ubavu, ambapo ukingo wa nywele na sikio vinaonekana, utosini, mteja amekaa na wewe umesimama, mistari ikiwa wazi, mgongoni kuanzia kisogo mpaka ncha, ili urefu upimike, na moja ya mbele kama ruhusa ipo. Ile ya utosini ndiyo msusi hodari huringa nayo, kwa sababu haina pa kuficha. Urefu nao unapotea kirahisi: rasta nyeusi juu ya blauzi nyeusi hazina mwisho. Weka saluni mtandio mmoja wa rangi ya udongo au ya krimu, umfunge mteja mabegani baada ya kuvua taulo. Kata vinyweleo vilivyochomoza, chovya ncha kwenye maji ya moto kama kawaida, futa jeli nyeupe kwenye mistari, ndipo upige.

Anayedhani picha isiyo na uso haivutii amtazame J. D. 'Okhai Ojeikere, mpigapicha wa Nigeria aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki 2014. Kuanzia mwaka 1968 alizunguka akipiga mitindo ya nywele za wanawake wa nchi yake, maofisini, sherehekeani, mitaani, mpaka akakusanya karibu picha elfu moja. Nyingi ni za nyeusi na nyeupe, nyuma hakuna kitu, na mwanamke amegeuka: unaona kisogo, shingo, mzunguko wa msuko. Picha hizo zimeonyeshwa katika maonyesho makubwa ya sanaa duniani, yakiwemo ya Venisi mwaka 2013. Kwa msusi wa Mombasa au Unguja somo lake lina faida ya papo hapo, kwa sababu pale wateja wengi hawatakubali uso utoke, na baadhi hawatakubali hata nywele.

Hapo tumefika kwenye ruhusa.

Mazoea ya saluni nyingi ni kuuliza mwishoni, simu ikiwa tayari imeinuliwa: "Dada, nikupige kapicha?" Mteja amekaa saa sita, bado hajalipa, wasusi watatu wanamtazama, mmoja keshamwekea taa. Atasema sawa. Sawa hiyo haina uzito, na mara nyingi ndiyo inayorudi baada ya siku mbili kwa ujumbe wa hasira: mume ameona, bosi ameona, kumbe siku ile aliaga kazini kwamba anaumwa. Uliza asubuhi, wakati mnakubaliana bei na urefu, akiwa bado na nguvu za kukataa. Na uulize vitu tofauti kimoja kimoja, kwa sababu mtu anaweza kukubali kimoja na kukataa kingine: nywele bila uso, nywele na uso, video, stetasi ya WhatsApp ya saluni ambayo wanaiona wale mliohifadhiana namba, Instagram au TikTok ambako anaona yeyote, bango la mlangoni, tangazo la kulipia. Bango na tangazo viombewe peke yake siku zote. Aliyekubali stetasi ya saa 24 hajakubali kuning'inia kituo cha daladala.

Kisha iandikwe. Huhitaji wakili, WhatsApp inatosha, kwa sababu inabaki na tarehe na namba. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Dada, naomba ruhusa ya kutumia picha za nywele nitakazokusuka leo. Nitaziweka stetasi ya saluni na Instagram. Niambie kama uso uonekane au usionekane. Sitazitumia kwenye bango wala tangazo la kulipia bila kukuuliza tena. Siku yoyote ukitaka nizitoe, niandikie hapa, nitazitoa siku hiyo hiyo. Ukikataa, huduma na bei ni ile ile."

Akijibu "Sawa mdogo wangu, ila uso usionekane," umemaliza. Piga picha ya skrini ya jibu hilo, ulihifadhi kwenye albamu moja na picha zake, ili hata msaidizi wako akitafuta picha ya kupandisha miezi mitatu baadaye aone sharti kabla hajabonyeza. Sentensi ya mwisho ya ujumbe usiifute. Ruhusa ambayo mtu akiikataa anapandishiwa bei si ruhusa. Ukitaka kumpunguzia mtu bei ili akutolee picha, hilo ni sawa, lakini liwe pendekezo la wazi kwa mtu uliyemtafuta kama modeli, si adhabu kwa wengine.

Sheria iko nyuma ya haya, na haimhusu tajiri peke yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba anayetumia taarifa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kuwa alikubaliwa, na kwamba aliyekubali anaweza kubadili nia wakati wowote. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya alitoza mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha pale bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mgahawa ule haukumkashifu mtu. Ulikuwa unatangaza biashara, kama saluni inavyotangaza.

Kwa watoto, basi, ruhusa ni ya mzazi au mlezi. Dada wa kazi aliyemleta mtoto kusukwa kabla ya shule kufunguliwa hana mamlaka hayo, wala shangazi aliyepita tu. Mpigie mama, aandike mwenyewe. Na hata akikubali, usimpige akiwa na sare yenye nembo ya shule.

Kuna kosa jingine ambalo ruhusa ya mteja mmoja haiwezi kulifunika, nalo ni kioo. Saluni ya wanawake ni mahali ambapo mtu anavua hijabu kwa amani. Umepiga kisogo cha mteja wako vizuri kabisa, uso haupo, lakini kwenye kioo mbele yake yumo mama mwingine kichwa wazi, anasubiri rangi ikauke. Yeye hukumuuliza, na huenda hajui. Hii ndiyo sababu nyingine ya kupenda mlango kuliko kiti cha kioo. Kila picha ikuze kwa vidole viwili kabla ya kuipandisha, ukague vioo, milango ya vioo na skrini za simu za watu. Na kukata uso siyo kumficha mtu kila mara: mchoro wa hina, tatuu shingoni, kovu, cheni yenye jina, vinatosha kwa jirani kusema "huyu ni fulani". Muonyeshe mteja picha yenyewe utakayoitumia, aseme ndiyo akiwa ameiona.

Kwenye kucha mlango ni ule ule, ila tatizo ni karibu mno. Kamera kuu za simu nyingi hazioni vizuri chini ya sentimeta kumi hivi, na watu huisukuma simu mpaka kwenye kidole kisha wanalaumu ukungu. Rudi nyuma kiasi cha shibiri moja au zaidi, weka 2x, gusa kucha ya kidole cha kati. Taa ya duara, wanayoipenda sana mafundi wa kucha, inaacha pete nyeupe juu ya kila kucha yenye jeli. Mwanga wa mlango unaacha mstari mmoja mrefu, na mstari huo unasema ukweli: ukiwa umenyooka, jeli imekaa sawa, ukijikunja kama nyoka, kucha ina mabonde. Anayejua kazi huupiga mstari huo kwa fahari. Paka mafuta kidogo kwenye ngozi ya mzizi wa kucha, futa vumbi la tupa, na mwambie mteja alegeze vidole, avilaze juu ya kitambaa kisichong'aa. Mkono uliokakamaa unaonekana wa kizee.

Vipodozi vina mtego wao. Baadhi ya poda na krimu, hasa zenye kinga ya jua au poda nyeupe ya silika, zinarudisha flashi, na bibi harusi aliyependeza kwa macho anatoka na uso wa majivu kwenye picha za ukumbini. Kwa hiyo mpambaji apige mbili: moja mlangoni kwa ajili ya kwingineko, na moja kwa flashi kwa ajili ya kujua mapema, poda ikiwa bado inaweza kupunguzwa. Halafu asubiri. Picha ya bibi harusi haitoki kabla hajaingia ukumbini, hata kama alishakubali, na ile nzuri zaidi aliyoipiga mpigapicha wa harusi ni kazi ya huyo mpigapicha. Mwombe naye, utaje jina lake. Picha za kabla na baada ndizo zinazovutia wateja kuliko zote, na ndizo nzito kuliko zote. Aliyekubali uso wake uliopambwa hajakubali uso wake wenye chunusi na madoa. Vivyo hivyo kwa mwanamke ambaye nywele za mbele zimenyonyoka na wewe umemfunika kwa ustadi: hiyo ni habari ya afya yake, ambayo sheria zote mbili nilizozitaja zinaipa ulinzi wa juu zaidi. Iombe peke yake, kwa maandishi peke yake, na ukijibiwa kwa kusitasita, ihesabu kuwa hapana.

Kusahihisha picha kunaruhusiwa mpaka pale unapobadilisha kazi. Kunyoosha, kukata pembeni, kuongeza mwanga kidogo, sawa. Kulainisha ngozi, kunenepesha rasta, kuondoa mstari uliopinda kwa programu, hapo unauza kitu ambacho mteja ajaye atakidai kitini. Na picha uliyoitoa mtandaoni, ya msusi wa Lagos au Atlanta, usiiweke kati ya zako. Mteja akikuletea kama mfano, msuke, kisha upige ya kwako, hata kama haikufikia ile.

Ukipandisha, acha nafasi kuzunguka kichwa, kwa sababu Instagram hukata pembe inapopanga picha kwenye ukurasa wako, na kinachokatwa kwanza ni ncha za rasta. Kama picha inatoka simu moja kwenda nyingine kwa WhatsApp, itume kama faili, la sivyo inabanwa na misuko inayeyuka. Chini yake andika kile ambacho mtu angelazimika kukuuliza: urefu, ukubwa wa msuko, pakiti ngapi za rasta zilitumika na kama zimo kwenye bei, saa ngapi za kukaa, bei yenyewe, na mtaa ulipo. Kuna imani kwamba kuficha bei kunamleta mteja kwenye mazungumzo. Kwa ninavyoona kunamleta mwenye muda wa kupiga soga. Mwenye shughuli zake anakwenda kwa msusi aliyeandika.

Na siku ujumbe ukija, "Dada, naomba uzitoe zile picha zangu," usiulize kwa nini. Zitoe Instagram, TikTok, kwenye hifadhi ya stetasi, kwenye albamu ya simu ya msaidizi wako, na kwenye kundi la wasusi mnakotumiana kazi. Mjibu ukitaja kila mahali ulipozitoa, na umwambie ukweli kwamba waliokwisha kuzihifadhi kwenye simu zao huwezi kuwafikia. Kisha fungua ile albamu yake na uandike tarehe chini ya lile jibu lake la asubuhi ya kwanza, ili mwakani mtu asiipandishe tena akidhani bado ruhusa ipo.